Litoke au lisitoke: orodha ya kikao cha toleo 3.8.0, mfumo wa malipo

Alhamisi, saa 4:00 asubuhi, dakika 30. Anayeamua ni meneja wa bidhaa. Mpimaji analeta ushahidi na maoni yake, nayo yanaandikwa kwenye kumbukumbu kama alivyoyasema.

Kabla ya yote

☐ Kifurushi kilichopimwa ndicho kitakachotoka:

```
sha256sum malipo-3.8.0-rc4.tar.gz
```

Alama inayotokea ikitofautiana na ile ya ripoti hata kwa herufi moja, kikao kinaahirishwa.

Ushahidi wa mpimaji

☐ Majaribio 412: 396 yamepita, 5 yameshindwa, 11 hayakufanyika. Asilimia isitajwe peke yake, maana inaficha hayo 11. Tisa ni ya ripoti za mwezi, ambazo toleo hili halikuzigusa. Mawili ni ya kumrudishia mteja fedha kwa kadi. Seva ya majaribio ya benki ilikuwa imezimwa. Muda mwingi uende kwenye hayo mawili.

☐ Yaliyoshindwa: manne ni ya mwonekano, picha zimeambatishwa. La tano ni Hatari ya 1.

☐ Kurudi 3.7.2: zoezi lilifanyika Jumanne kwa hifadhidata yenye ukubwa wa ile halisi, dakika 14. Kumbukumbu ya zoezi iletwe. Neno "inawezekana" halitoshi.

☐ Jaribio la mzigo: grafu ya saa nzima, si wastani tu. Wanaoumia ni wale wa mwisho kujibiwa.

Hatari zilizobaki

Kila hatari isomwe kwa maneno ya mteja: nini kitampata, tutajuaje, tutafanya nini, nani ameikubali. "Hatari ya wastani" haimsaidii anayeamua.

☐ Hatari ya 1. Mteja anaweza kukatwa fedha mara mbili mtandao ukikatika naye akabonyeza tena. Seva sasa inatambua ombi lililorudiwa kwa namba yake ya pekee, lakini programu za simu za zamani hazitumi namba hiyo. Tahadhari italia kadi moja ikilipa kiasi kilekile mara mbili ndani ya dakika 2. Huduma kwa wateja wana maelekezo ya kurejesha fedha. Mwenye kuikubali: meneja wa bidhaa, kwa jina, si "timu".

☐ Hatari ya 2. Kurejesha fedha kwa kadi hakujapimwa kwenye toleo hili. Hatujui kama kunafanya kazi, na hivyo ndivyo tutakavyosema. Kipengele kibaki kimezimwa kwenye mipangilio hadi majaribio mawili yapite. Hadi hapo, fedha zirejeshwe kwa mkono.

Maoni ya upimaji

Litoke, kwa masharti: kipengele cha Hatari ya 2 kimezimwa, tahadhari ya Hatari ya 1 imejaribiwa ikalia, na toleo lianze kwa asilimia 5 ya wateja kwa saa 24. Sharti moja likikosekana, maoni yetu ni lisitoke.

☐ Uamuzi, masharti na majina yamesomwa kwa sauti kabla ya watu kuondoka.