Mchele na Maharage ya Jumla kwa Maduka ya Mtaani: Maneno ya Kumwambia Mwenye Duka

(Ya vijana wa mzunguko, ghala la Tandale. Nenda kati ya saa nne na saa sita asubuhi, duka likiwa limetulia. Akiwa na mteja, subiri pembeni. Beba sampuli tatu, kikokotoo na daftari la oda.)

Shikamoo mama. Habari za biashara? Mimi natoka ghala la nafaka Tandale, tunaleta mchele na maharage kwa maduka ya huku Mabibo na Kigogo kila Jumanne na Ijumaa. Naomba dakika tano. Mteja akija, muhudumie kwanza, mimi nitasubiri.

(Mwaga sampuli kiganjani mwake, si kwenye kaunta. Mwache aunuse.)

Huu ni mchele wa Mbeya, mavuno ya mwaka huu. Angalia punje, chenga ni chache na hauna mawe. Ila nikwambie mapema: ni mpya, kwa hiyo hunywa maji kidogo. Mteja akiupika kwa maji aliyozoea utashikana, na kesho atakuja kukulalamikia wewe, si mimi. Mwambie apunguze maji. Huu wa pili ni wa chenga, wanaupenda mama ntilie. Na haya ni maharage ya njano.

Mifuko yetu yote ni ya kilo 50 kamili. Hatuuzi lumbesa, na mzigo ukifika tunaupima mbele yako kwa mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Ukikuta pungufu, tunakata hela hapo hapo.

Bei kwa mfuko mmoja zipo hivi:

Mchele namba moja: ukichukua mifuko 1 hadi 4, shilingi 117,500, 5 hadi 9, shilingi 115,000, 10 na kuendelea, shilingi 113,000.
Mchele wa chenga: 87,500, 85,000, 83,500.
Maharage ya njano: 138,000, 135,000, 133,000.

Mifuko inahesabiwa kwa pamoja. Ukichanganya mchele na maharage ikafika mitano, yote inaingia bei ya mitano. Na kuanzia mitano kirikuu chetu kinaleta hadi mlangoni bure. Chini ya hapo unatuma bodaboda mwenyewe, na kutoka Tandale hadi hapa hakosi kukudai 3,000 kwa mfuko.

Sasa tupige hesabu ya faida, na tuipige ya kweli. (Toa kikokotoo. Hesabu na yeye, usimsomee.)

Mchele namba moja hapa mtaani unauza 2,700 kwa kilo. Wengine watakwambia kilo 50 mara 2,700 ni 135,000, kwa hiyo faida ni 20,000. Si kweli, na wewe unajua. Ukipima kilo kilo, mkono unazidisha kidogo, punje zinamwagika, mwisho mfuko unakupa kama kilo 49 na nusu. Hiyo ni 133,650. Toa vifungashio, weka 1,500. Toa 115,000 uliyonunulia. Kinachobaki ni 17,150 kwa mfuko. Ukinunua mfuko mmoja mmoja, kwa 117,500 na boda juu, kinabaki 11,650. Mchele ni ule ule na mteja ni yule yule, lakini umepoteza 5,500 kwa namna ya kununua tu.

Halafu kuna robo. Robo kwa bei ya 2,700 ni 675, na hela hiyo hailipiki, hakuna mwenye sarafu ya 25. Kwa hiyo unauza 700, sivyo? Basi kila kilo inayotoka kwa robo inakupa 100 ya ziada. Ukiwa karibu na vyumba vya kupanga, robo ndiyo inayotembea kuliko zote. Ila pima vizuri, maana kwenye robo ndiko mkono unakopoteza.

Kwa duka kama lako ningeanza hivi: mifuko 3 ya namba moja, 1 wa chenga, 1 wa maharage. Mtaji ni 345,000 na 85,000 na 135,000, jumla 565,000. Chenga ukiuza 2,000 kwa kilo, inabaki 12,500. Ni ndogo, sikufichi, lakini mama ntilie akichukua kilo tano kila siku mfuko unaisha ndani ya siku kumi na hela inarudi mkononi. Maharage kwa 3,200 yanabakisha 21,900. Na namba moja, mara tatu ya 17,150, ni 51,450. Ukiuza yote, umetengeneza 85,850. Kodi ya fremu na umeme hazimo humo, hizo unazijua mwenyewe.

Maharage usichukue zaidi ya mfuko mmoja mpaka uone yanavyotoka. Yakikaa sana bungua wanaingia, na yenye matundu hanunui mtu.

(Hapo nyamaza. Mwache aongee yeye.)

Akisema «Nina mtu wa kuniletea»: Sawa mama, usimwache. Chukua kwangu mfuko mmoja tu, upime wake na wangu kwenye mizani yako, kisha upike vikombe viwili viwili. Ijumaa nitapita kusikia.

Akisema «Mtaji sina»: Ongea na majirani wawili wa mtaa huu. Mkichanga oda ikafika mifuko mitano na tukaishusha duka moja, kila mtu analipa bei ya mitano. Risiti tunaandika kila mtu ya kwake, ili msije mkagombana.

Akisema «Nikopeshe»: Oda mbili za mwanzo ni taslimu au kwa lipa namba, mzigo ukishapimwa. Kuanzia ya tatu unalipa nusu, nusu nyingine ndani ya siku 7. Isipolipwa, oda inayofuata inarudi kuwa taslimu. Hatuji kukupigia kelele mbele ya wateja.

Akisema «Punguza kidogo»: Kwenye mitano nimefika mwisho, mama. Nafasi iliyobaki ipo kwenye kumi. (Usipunguze hata mia. Ukimpunguzia huyu, kesho mtaa mzima una bei yake.)

Akiuliza mzigo mbovu: Ukikuta mawe, unyevu au wadudu, piga simu ndani ya siku 2. Tunabadilisha mfuko hata kama umeshaufungua, mradi haujatoka zaidi ya kilo tano. Risiti ya EFD unapewa siku hiyo hiyo, itunze, itakusaidia kwenye hesabu zako za TRA.

Bei hizi ni za mpaka Jumamosi hii. Kipindi hiki cha mavuno mzigo unashuka kwa wingi kutoka Mbeya, ndiyo maana zimekaa hapa. Zikishuka kabla hatujaleta, utalipa iliyoshuka. Zikipanda baada ya kuandika oda, utalipa iliyoandikwa.

(Fungua daftari.)

Niandike mitatu, mmoja, mmoja, kwa Ijumaa? Kirikuu kinapita hapa saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla njia ya kwako haijafungwa na bajaji. Utakuwepo mwenyewe, au nimpigie kijana wako?