2.2 Vifaa na vitendanishi vya kupima madini joto katika chumvi

Sampuli 24 za chumvi zilizonunuliwa rejareja Bagamoyo, Lindi na Mtwara (kifungu 2.1) zilipimwa kwa titresheni ya thiosulfeti. Madini joto yaliyomo yanachukuliwa kuwa katika umbo la iodeti, KIO₃. Halijoto ya maabara ilikuwa 26 °C ± 2 °C, na vyombo vya ujazo vimesawazishwa na mtengenezaji kwa 20 °C. Tofauti hiyo haikusahihishwa, kwa kuwa mchango wake ni takriban asilimia 0.1 tu.

Maji. Tulitumia maji yaliyokenekwa mara mbili, yenye upitishaji umeme usiozidi 1 µS/cm kwa 25 °C, yakikaguliwa kila asubuhi. Maji ya kutengenezea thiosulfeti yalichemshwa dakika 10 na kupozwa chomboni kilichofunikwa, ili kutoa kaboni dioksidi na kuua bakteria, kwani vyote viwili huiharibu thiosulfeti.

Vitendanishi. Iodeti ya potasiamu ilikuwa ya daraja la kiwango cha msingi, usafi usiopungua asilimia 99.7. Ilikaushwa kwa 110 °C saa mbili, ikapozwa kwenye kikaushio, kisha g 0.3567 zikayeyushwa hadi mL 1000, yaani 0.001667 mol/L. Thiosulfeti ya sodiamu, Na₂S₂O₃·5H₂O, daraja la uchambuzi, ilipimwa g 1.24 kwa lita moja (takriban 0.005 mol/L), ikaongezwa g 0.1 za kaboneti ya sodiamu na kuhifadhiwa katika chupa ya kahawia. Ukolezi huo wa takriban haukutumika katika hesabu yoyote. Ukolezi halisi ulipatikana kwa kusawazisha dhidi ya mL 10.00 za iodeti: bureti ilisoma mL 20.05, 20.10 na 20.05, wastani 20.07, hivyo 0.00498 mol/L. Usawazishaji ulirudiwa kila wiki.

Iodidi ya potasiamu, daraja la uchambuzi, g 100 kwa lita, yote ilitoka katika chupa moja. Myeyusho ulioonyesha umanjano wowote ulimwagwa, maana umanjano huo ni iodini huru ambayo ingeongeza matokeo ya kila sampuli. Asidi ya salfuriki (asilimia 98, msongamano g 1.84 kwa mL, daraja la uchambuzi): mL 27.2 zilimiminwa polepole ndani ya maji, asidi kwenye maji na si kinyume chake, hadi mL 500, takriban 1 mol/L. Silinda ya mL 50 (± 0.5 mL) ilitosha hapa kwa sababu asidi na iodidi huwekwa kwa ziada. Wanga mumunyifu, asilimia 1, uliandaliwa siku ya kutumika katika mmumunyo ulioshiba wa kloridi ya sodiamu isiyo na madini joto.

Vyombo. Mizani ya uchambuzi, usomaji g 0.0001, ilipima iodeti. Mizani ya juu, usomaji g 0.01, ilipima chumvi na thiosulfeti. Vyombo vya kioo vilikuwa vya Daraja A: flaski za mL 1000 (± 0.40 mL) na mL 250 (± 0.15 mL), pipeti za mL 10 (± 0.02 mL) na mL 50 (± 0.05 mL), na bureti ya mL 25 yenye migawanyo ya mL 0.05 (± 0.03 mL) kwa usawazishaji. Sampuli zilipimwa kwa bureti ya mL 10, migawanyo ya mL 0.02 (± 0.02 mL).

Tunataja bureti hii ndogo kwa makusudi. Sampuli yenye mg 30 za madini joto kwa kilo hutumia takriban mL 2.85 tu, hivyo kosa la mL 0.02 ni mg 0.21 kwa kilo, yaani asilimia 0.7. Kosa la mizani ni asilimia 0.02 tu, la flaski 0.06, na la pipeti 0.1. Bureti ya mL 50, ambayo ndiyo iliyozoeleka katika maabara nyingi, ingeipanua kasoro hiyo bila mpimaji kuiona.

Upimaji. Iodeti hunyunyiziwa juu ya punje, kwa hiyo gramu 10 za chumvi ya mawe zikichukuliwa peke yake huweza kupotosha. Tuliyeyusha g 50.00 hadi mL 250, tukachukua mL 50 (sawa na g 10 za chumvi), tukaongeza mL 1 ya asidi na mL 5 za iodidi, tukafunika na kuweka gizani dakika 10. Thiosulfeti ilitiwa hadi rangi ikawa manjano hafifu. Hapo ndipo matone 10 ya wanga yalipowekwa, na kutia kukaendelea hadi buluu ilipotoweka. Kila sampuli ilipimwa mara tatu, na kipimo tupu kilifanywa kwa kloridi ya sodiamu isiyo na madini joto.

Madini joto, mg/kg = (V − V₀) × C × 21.15 × 1000 ÷ m

V na V₀ ni mL za sampuli na za kipimo tupu, C ni mol/L za thiosulfeti, m ni gramu 10, na 21.15 ni 126.90 ÷ 6, kwa kuwa iodeti moja hutumia thiosulfeti sita. Matokeo yalikadiriwa hadi mg/kg 0.5.