Ombi la kuthibitishiwa anwani na maelezo ya tawi

Lubumbashi, tarehe 10 Juni 2025

Kwa Bwana Meneja,
Tawi la Kamalondo

Bwana Meneja,

Salamu kwako na kwa wafanyakazi wote wa tawi. Mimi ni Ngoy Kabamba Bernadette, mteja wenu tangu 2013, mwenye akaunti ya dola inayoishia na 417. Mdogo wangu anayekaa Liège, Ubelgiji, anataka kunitumia dola 6,400 za kununua mashine ya kusaga mahindi. Benki yake inadai kwanza anwani ya tawi na maelezo yake jinsi yalivyoandikishwa kwenu.

Hapo ndipo nimekwama. RIB mliyonipa nilipofungua akaunti inataja jengo lenu la zamani, na jimbo ni Katanga, wakati tangu 2015 tuko Haut-Katanga. Bordero ya mwezi uliopita ina muhuri wenye avenyu nyingine. Mwaka jana mdogo wangu alituma fedha za matibabu ya mama kupitia benki nyingine. Anwani haikulingana, fedha zikakaa siku 19, kisha zikarudi kwake zikiwa zimekatwa gharama. Mama alikuwa kitandani, nasi tukikopa kwa majirani. Bwana Meneja, sitaki yatupate tena.

Naomba barua yenye sahihi na muhuri, inayotaja jina kamili la benki, anwani ya sasa ya tawi (namba, avenyu, komini, mji na jimbo), namba ya tawi na namba ya akaunti yangu pamoja na ufunguo wake. Majina yangu matatu yaandikwe kwa mpangilio uleule ulio kwenye akaunti.

Kuhusu namba ya SWIFT, nina ile ya herufi 8 tu. Je, tawi lina yake ya herufi 11, au tunatumia ya makao makuu Kinshasa? Ikiwa ni ya makao makuu, fomu ijazwe anwani ipi, ya Kinshasa au ya kwenu? Tafadhali andikeni pia nchi kwa urefu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na alama CD, kwa sababu fomu ya Ubelgiji ina Kongo mbili na ile ya Brazavili ni CG.

Nitajieni vilevile benki mnayopitia kwa dola, na makato yake. Muuzaji hapokei pungufu hata dola moja, na bei ameishikilia hadi tarehe 27 Juni.

Nitakuja mwenyewe kuichukua barua Jumatatu tarehe 16, na kadi yangu ya mchaguzi. Naomba nisijibiwe kwa simu: matapeli ni wengi, na benki ya mdogo wangu inataka karatasi. Kopi ya RIB ya zamani na ya bordero nimeziambatisha.

Asante sana kwa msaada wako.

Ngoy Kabamba Bernadette
Komini ya Kenya, Lubumbashi