Maelezo ya piramidi ya watu uliyonitumia

Marahaba, mwanangu. Picha ya ile chati ya pau uliyoipiga maktaba, piramidi ya watu, imefika. Mwanga wa taa umeipiga kona ya juu kulia, lakini maandishi yanasomeka, kwa hivyo usisumbuke kurudi maktaba kupiga nyingine.

Tuanze na maandishi. Kichwa cha juu kinasema: Idadi ya Watu Kenya kwa Umri na Jinsia, Sensa ya 2019. Neno la kushoto, juu ya pau za buluu, ni Wanaume. La kulia, juu ya pau za rangi ya chungwa, ni Wanawake. Safu iliyosimama katikati, 0–4, 5–9, 10–14 mpaka 80 na zaidi, ni Makundi ya Umri kwa Miaka. Nambari za chini ni Idadi kwa Mamilioni. Zinaanzia sifuri katikati, kisha zinapanda kwenda kulia na kushoto. Zile za kushoto si hasi. Kila upau unaupima kutoka katikati kwenda nje. Maandishi madogo ya mwisho ni Chanzo: Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya.

Sasa umbo. Umeniandikia kwamba chini ni pana na juu ni nyembamba kwa sababu watu wanakufa wakiwa vijana. Hapo simama kidogo. Vifo vimo, lakini si hadithi yote, wala si sehemu yake kubwa. Kila upau ni watu waliozaliwa katika miaka yao. Wenye umri wa 60–64 walizaliwa kati ya 1954 na 1959. Sensa ya 1962 ilihesabu Wakenya milioni 8.6 tu, nchi nzima. Wazazi wakiwa wachache hivyo, watoto wao wangetoka wapi wengi? Upau huo ulianza mfupi, kisha vifo vikaupunguza zaidi. Kufikia 2019 tulikuwa milioni 47.6, na watoto wa watu wengi hivyo ni lazima wajaze pau ndefu. Ukiandika vifo peke yake kwenye mtihani, utakuwa umeacha nusu ya jibu.

Halafu tazama chini kabisa, maana hapa ndipo picha hii inaponifurahisha. Piramidi ya vitabu vya zamani ina upau mrefu kuliko zote pale 0–4. Hii yako sivyo. Weka rula kwenye picha upime: mrefu zaidi ni wa 10–14, karibu watu milioni 6.3 ukijumlisha pande zote mbili. Wa 5–9 ni milioni 6.2; wa 0–4 haufiki hata milioni 6. Chini pameingia ndani kidogo kama kitako cha mtungi. Maana yake ni kwamba uzazi umeshuka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8 hivi. Utafiti wa afya na uzazi wa 2022 ulikuta 3.4. Wewe uliyezaliwa 2008 umo ndani ya ule upau mrefu kuliko zote, na ndiyo sababu madarasa yenu yamejaa hivyo.

Kwa jinsia, linganisha buluu na chungwa mstari kwa mstari. Utotoni zinakaribiana, wavulana wakizidi kidogo. Huko juu, kwenye 80 na zaidi, chungwa ndiyo ndefu, kwa kuwa wanawake wanaishi zaidi.

Usidhani kila kaunti ina umbo hilohilo. Kwetu Lamu sensa hiyo ilihesabu watu 143,920, na wanaume walikuwa 76,103 dhidi ya wanawake 67,813, wakati nchini kote wanawake ndio waliozidi. Kwa maoni yangu ni kazi: wanaume huja peke yao kutafuta riziki, na ujenzi wa bandari ulikuwa ukiendelea. Ukiulizwa mfano wa uhamiaji kubadili piramidi, toa huu.

Limebaki swali lako la utegemezi, yaani kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi wanabeba wategemezi wangapi. Walio chini ya miaka 15 ni karibu 39 katika kila 100, na wenye 65 na zaidi ni karibu 4. Hao ndio wategemezi. Waliobaki, wa 15–64, ni 57. Gawanya 43 kwa 57, zidisha kwa 100, utapata kama 75: kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi wanabeba 75.

Usiku wa leo niandikie aya moja kwa maneno yako mwenyewe, ueleze kwa nini upau wa 0–4 ni mfupi kuliko wa 10–14, na piramidi ya 2029 utaichora vipi ikiwa uzazi utaendelea kushuka. Nitaisoma baada ya Isha. Msalimie mamako.