Ofa ya Kazi: Msimamizi wa Stoo, Kiwanda cha Alizeti, Singida

Jumatano, 8 Aprili 2026

Ndugu Neema,

Habari za kazi.

Nafurahi kukujulisha kwamba tumekuchagua kuwa Msimamizi wa Stoo katika kiwanda chetu cha kukamua alizeti hapa Singida. Waliofika usaili wa mwisho wote walikuwa wazuri, lakini ni wewe uliyeshika leja tuliyokupa na kuona kwamba magunia 14 ya mashudu yalitoka bila hati ya kutolea mzigo. Meneja wa kiwanda ameirudia habari hiyo mara kadhaa tangu siku ile.

Tuanze na mshahara, maana najua ndiko macho yanakokwenda kwanza. Mshahara wako wa mwezi ni shilingi 1,200,000 kabla ya makato. NSSF itakatwa asilimia 10 kwako, yaani 120,000, nasi tutachangia kiasi hicho hicho juu yake. Kodi ya mapato kwa viwango vya sasa ni 152,000. Kwa hiyo mkononi utabaki na 928,000. Kama bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo, sheria inatutaka tukate asilimia 15 ya mshahara wa msingi, sawa na 180,000, na mkononi itabaki 748,000. Nimeona heri uyajue haya leo kuliko kuyakuta kwenye hati ya mshahara. Malipo huingia benki tarehe 28 ya kila mwezi.

Kwenye usaili ulitaja 1,400,000. Nilipeleka ombi lako kwa uongozi, na kwa bajeti ya mwaka huu tumeishia hapo. Tulichoweza kuongeza ni bima ya afya yako na ya wategemezi wako, ambayo italipwa yote na kampuni, na chakula cha mchana kazini. Kwa kuwa unahama kutoka Dodoma, tutakurudishia gharama za kusafirisha vyombo hadi shilingi 400,000, ukileta risiti ya EFD. Risiti ya kuandikwa kwa mkono mhasibu wetu haipokei, hata umbembeleze vipi. Mshahara tutaujadili upya ukimaliza miezi 3 ya matazamio. Siahidi kiasi, ila mazungumzo yatakuwepo.

Utaanza kazi Jumatatu, 18 Mei 2026, saa 2:00 asubuhi. Tumeichagua tarehe hiyo ili upate nafasi ya kumpa mwajiri wako wa sasa notisi ya siku 28 na uondoke kwa amani. Kuichelewesha zaidi itakuwa vigumu, kwani wakulima watakuwa wameanza kuleta mbegu na mizani haitapumzika.

Mkataba ni wa kudumu. Saa za kazi ni 45 kwa wiki: Jumatatu hadi Ijumaa saa 2:00 asubuhi hadi 11:00 jioni, ukiwa na saa moja ya chakula, na Jumamosi saa 2:00 asubuhi hadi 7:00 mchana. Msimu ukipamba moto kutakuwa na saa za ziada, ambazo hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Utawajibika kwa Meneja wa Kiwanda, na chini yako kutakuwa na karani mmoja na wapakiaji wanne.

Ukiikubali ofa hii, saini barua niliyoambatanisha, kila ukurasa, uitume kwa kujibu barua pepe hii kabla ya Jumatano, 15 Aprili 2026, saa 10:00 jioni. Ukiipiga picha kwa simu inatosha, mradi maandishi yasomeke. Ukikubali kwa mdomo tu hatutaweza kukuandalia mkataba. Muda huo ukipita bila jibu, nafasi itakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Na kama umeamua kutokuja, niambie mapema tu, hakuna atakayekununia.

Tafadhali usiandike barua ya kuacha kazi uliko sasa mpaka nikurudishie nakala yenye saini zetu sote wawili. Nasi hatutampigia mwajiri wako kabla ya hapo.

Siku ya kuripoti njoo na vyeti halisi, kitambulisho cha NIDA, namba ya TIN, namba ya uanachama wa NSSF, taarifa za akaunti ya benki na picha 2 za pasipoti. Ofa hii inategemea vyeti hivyo kuthibitika.

Ukiwa na swali, hata la nyumba za kupanga, nipigie kwa namba ileile niliyokuitia usaili. Karani wetu mmoja anawajua madalali wa Singida mjini, na wale wa kuwakwepa pia.

Wako katika kazi,

Rehema
Afisa Rasilimali Watu

Kiambatisho: Barua ya ofa (kurasa 3)