Kioo hakina ubongo, helmeti ivae wewe

Oya wazee wa kazi, kauli yetu mpya ya kijiwe ndo hii, itakaa kwenye stika ya tangi na kwenye ule mpira wa madigadi ya nyuma, ili hata mwenye gari aliyekwama nyuma yako kwenye foleni asome acheke:

KIOO HAKINA UBONGO.
HELMETI IVAE WEWE.

Basi. Hakuna picha ya damu wala fuvu, hakuna "ndugu dereva chukua tahadhari". Mchoro ni Boksa imepaki, helmeti imening'inia kwenye kioo cha kulia, halafu kioo chenyewe kimechorwa sharubu na miwani ya jua. Maana pita saizi hapa Mbezi, upande wa stendi ya Magufuli, hesabu mwenyewe, helmeti zipo kibao ila waliovaa ni vioo, sie tumejilaza juu ya siti vichwa wazi tunasubiri abiria. Na kioo kikivunjika unaenda kwa muuza spea unapata kingine, jioni umesharudi kazini.

Upande wa pili wa stika, kwa maandishi madogo:

"Nimeenda hapo tu" ndo safari ndefu kuliko zote.

Hii ni ya wale wa Mbezi mpaka Kibanda cha Mkaa, buku tu, unaona uvivu hata kuitoa kwenye kioo. Sasa Morogoro Road ya siku hizi njia nane, mtu anakatiza na toroli, daladala imekata kushoto bila indiketa, hapo lami haikuulizi ulikuwa unaenda karibu au Kibaha.

Kwenye spika ya kijiwe, asubuhi na jioni watu wakishuka kwenye mabasi, tutapiga hii, isomwe na wawili, dada na bodaboda, kwa sauti ya kawaida bila kuigiza sana:

– Kaka mambo, nipeleke hapo Kibanda cha Mkaa.
– Panda dadaangu, buku.
– Na hiyo helmeti ya nani?
– Ya kioo.
– Kioo kinaendesha?
– Hapana, mimi.
– Sasa we vaa yako, na mimi nipe ile nyingine. Kioo kibaki kinaangalia tu.
– Inaharibu nywele dada.
– Nina kofia ya saluni kwenye pochi, we washa pikipiki.

Ishu ya nywele na jasho la abiria aliyetangulia si ya kubeza, helmeti ya abiria ikinuka hata mimi siivai. Kwa hiyo pale kwenye benchi kutakuwa na boksi la zile kofia za plastiki, abiria anachukua moja anaondoka nayo. Ile sponji ya ndani ikiwa ya kutoka, itoe, ifue kwa sabuni, ianike kivulini.

Kwenye ukuta wa banda, pale watu wanapochajia simu, itakaa hii kwa ajili ya wabishi wa namba (mnajijua): tafiti za nchi nyingi zilipokusanywa pamoja zilionyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Chini yake tumeandika:

MKANDA CHINI YA KIDEVU, KLIPU ILIE "KTAK".

Kwa sababu helmeti isiyofungwa ukidondoka inakuacha hewani, yenyewe inaenda zake mtaroni. Kinachokuokoa ni lile povu gumu la ndani, linabonyea ili kichwa kisipokee kishindo chote, na likishabonyea halirudi, kwa hiyo ile iliyowahi kupiga lami kwa nguvu hata kama nje inang'aa kazi yake imeisha. Na simu ukiichomeka pembeni ya sikio, helmeti inakaa upande na mkanda haukazi vizuri, hapo hatumsemi mtu.

Trafiki humu hatumo kabisa. Ukiivaa ukimwona ukaivua ukimpita hiyo ni yako na yeye, stika inaongea na wewe ukiwa peke yako saa nne usiku, hesabu ya bosi bado elfu mbili, na njia nyeupe inakuita ukanyagie mafuta. Ya usiku huo ni hii, itachapwa mgongoni mwa reflekta kwa herufi za kung'aa:

HESABU YA BOSI ITATIMIA. VAA, TUENDE.

Stika zinatoka Jumamosi asubuhi kwa katibu, bure, moja ya tangi moja ya madigadi kwa kila pikipiki. Njoo umeshaosha maana gundi haishiki kwenye vumbi la huku kwetu, na mwenye helmeti ambayo klipu imekatika aje nayo, fundi viatu wa pale jirani kasema anashona mkanda mpya.