Mashaka Avuliwa Nyuzi

Mashaka, kikaragosi changu cha nyuzi, alikaa msumarini miaka sita. Nilimtundika mwenyewe, siku mkono wangu wa kulia uliponiaibisha mbele ya watoto wa shule: nilitaka ajikune kichwa, akajipiga kofi. Watoto walicheka hadi machozi, wakidhani ndio mchezo wenyewe. Mimi nilijua kazi imekwisha.

Nilikuja Bagamoyo kutoka Newala mwaka 1983, miaka miwili baada ya Chuo cha Sanaa kufunguliwa, nikiwa na tezo moja na patasi nne. Wenzangu walichonga mpingo wakawauzia watalii. Mimi nilishika vikaragosi, na kikaragosi cha mpingo ukikining'iniza kwa nyuzi robo saa, bega linakulaani. Mashaka ni wa msufi, mti mwepesi, laini kwa patasi. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kidogo. Nilikosea kipimo, kisha nikadai nimekusudia, na kuchechemea kwake ndiko kulikompa jina mjini.

Likizo hii mjukuu wangu Idi alifika na laptopu kuukuu. Betri imekufa, ukichomoa waya inazimika papo hapo, na kitufe cha N kimeng'oka.

"Nakuachia hii, mume mwenzangu," aliniambia. Bibi yake akaguna jikoni. "Mashaka atatembea bila nyuzi."

"Kwa dawa ya nani?"

"Kwa picha, babu. Unamsogeza kidogo, unapiga picha. Unamsogeza, unapiga. Picha 12 ni sekunde moja. Sinema zenyewe huenda 24, ila wewe tumekupunguzia."

Akanionyesha mara mbili, kisha akachukua kalamu yangu ya useremala akaniandikia amri ya kuunganisha picha kwenye kipande cha mninga:

```
ffmpeg -framerate 12 -i picha_%03d.jpg -pix_fmt yuv420p mashaka.mp4
```

"Haina N," alisema, akapanda basi kurudi chuoni Dar.

Nilimkata Mashaka nyuzi. Akaanguka kama kanzu iliyovuliwa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nachonga kinyume cha haja ya leo. Kikaragosi cha nyuzi unamlegeza viungo makusudi: goti lijikunje lenyewe, kiwiko kidondoke, uzito ufanye nusu ya kazi. Huyu sasa alitakiwa asimame peke yake na abaki vilevile nilivyomwacha. Viungo 11, kuanzia shingo hadi vifundo vya miguu. Nilikata ngozi ya makubazi yangu ya zamani vipande vya duara, nikatoboa katikati, nikavibana kati ya mti na mti kwa bolti nyembamba na nati. Nati ikikaza sana, unamsogeza goti nyonga inafuata. Ikilegea, unageuka kupiga picha naye anapiga magoti. Kuna mahali katikati, pengine robo ya mzunguko wa spana, ambapo paja linakubali kusukumwa kisha linagoma. Kiungo kimoja kilinila asubuhi nzima. Nyayoni nikapigilia visindano, nikamsimamisha juu ya ile nyeupe nyepesi inayokuja na boksi la televisheni.

Kamera nayo ina kichekesho chake. Iko juu ya kioo cha kompyuta na inakutazama wewe uliyekaa, kwa hiyo picha 40 za mwanzo zina Mashaka mbele na tumbo langu nyuma, ndani ya singlendi. Nikatundika kanga ya mke wangu, Bi Somoe, ikawa ukuta. Akaja kuitafuta.

"Kanga yangu ya kutokea?"

"Imo kwenye sinema."

"Isije ikarudi na gundi."

Nilipoandika amri ya Idi na kufungua filamu ya kwanza, nilimwona Mashaka akiteleza kama aliyekanyaga ganda la embe. Chumba kilikuwa kinapepesa, mwanga ukizidi na kupungua, maana nilianza saa mbili asubuhi nikamaliza adhuhuri, na jua halimsubiri mtu. Hilo la mwanga lilikuwa rahisi: nilifunga dirisha nikawasha taa. Kuteleza ndiko kulikoninyima usingizi. Nilimpigia Idi.

"Ongeza picha, babu."

Nikaongeza. Akateleza polepole.

Jibu nililipata barazani, nikimtazama muuza kahawa akiondoka na birika lake. Kabla mguu haujanyanyuka, mwili wote ulikuwa umeshahamia upande wa pili. Kwenye nyuzi nililijua hilo bila kulijua, mkono ulikuwa unainamisha ule mti wa kushikia nyuzi wenyewe. Kumbe kwenye meza nilikuwa nasogeza miguu tu na kiwiliwili nakiburuta. Nikaanza upya: picha mbili za kuegemea, ndipo kisigino kiinuke. Nikamrudishia kuchechemea kwake, mguu mfupi ukitua kwa picha moja na mrefu kwa tatu. Bi Somoe, aliyekuwa anapita na ungo, akasema, "Eh! Huyo Mashaka." Hakusimama, lakini alisema.

Mkono wangu? Kamera haikuuona. Niliweka kiwiko juu ya kopo la rangi, nikamsukuma Mashaka kwa kijiti, nikatoa mkono, nikapiga. Kutetemeka kote kulibaki kati ya picha na picha, mahali ambapo hakuna anayetazama. Wiki mbili nilitamba nyumbani kama kijana.

Kisha nikafika pale anaposimama. Kisa chenyewe ni kifupi: Mashaka anatembea usiku, anasikia mlango ukigongwa, anasimama kusikiliza, anakwenda kufungua. Nilimwacha asimame sekunde mbili, nikapiga picha 24 bila kumgusa. Kwenye filamu alikufa. Sina neno jingine. Alikuwa mtu akitembea, mara akawa gogo la msufi lenye shati.

Niliitazama pengine mara 30. Ndipo nikakumbuka kwamba msumarini ndiko pekee Mashaka alikowahi kutulia kabisa. Mikononi mwangu, hata aliponyamaza, nyuzi zilikuwa zinapumua.

Nikazirudia zile 24. Safari hii niliondoa kopo la rangi. Kabla ya kila picha nilipeleka kidole cha mkono wa kulia, huu mbovu, nikagusa kofia yake tu na kuondoa. Sikumsogeza. Nilimgusa kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Umeme ulikatika kwenye picha ya 17, kompyuta ikazimika, nikakaa gizani nimeshikilia pumzi nisije nikaitikisa meza. Uliporudi, Mashaka alikuwa bado anasikiliza.

Nilimtumia Idi. Alipiga simu usiku huohuo.

"Babu, pale anaposimama, kichwa umekifanyaje? Mbona kama anaogopa?"

"Nimetetemeka."

"Hapana, nauliza ufundi wenyewe."

"Ndio huo."

Bi Somoe alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono ina unga. Akataka irudiwe. Nikairudia. Mashaka akachechemea, akasimama, kichwa kikicheza kidogo sana chini ya kofia, na filamu ikaishia hapo.

"Mbona hafungui?"

"Hajafika mlangoni. Hatua nane, kila hatua sekunde. Picha 96."

Akaangalia kanga yake ukutani, akavuta kigoda.

"Haya. Mimi nitabonyeza."